Chakula cha kubeba kwenye basi la Dar hadi Mbeya, ufike bila kutegemea chipsi na sambusa

Kila ikikaribia Desemba naulizwa maswali yale yale na wadogo zangu, na majirani, na vijana wanaopangiwa kazi nyanda za juu kwa mara ya kwanza. Nibebe nini? Kitaharibika saa ngapi? Nikinywa maji nitajisaidia wapi? Nimeona niandike jibu moja refu, kwa njia ninayoijua vizuri: Mbezi Luis hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 800, siku nzima kwenye siti. Ukienda Mwanza, Songea au Bukoba utabadilisha majina ya vituo tu, mpangilio unabaki huu huu.

Jambo kubwa ninalotaka ulishike ni hili: cha majimaji kiliwe kwanza, cha kavu na chenye ganda lake kibaki mwisho. Chakula kilichopikwa chenye unyevu kinaanza kuwa hatari kikikaa kwenye joto la kawaida zaidi ya saa 2, na ndani ya basi lililopigwa na jua, saa 1 inatosha. Karanga, mkate, ndizi na chungwa havina haraka hiyo. Watu wengi hufanya kinyume: asubuhi wanatafuna karanga kwa sababu ziko karibu na mkono, na hotpoti la wali linafunguliwa saa 9 alasiri likiwa limelala kwenye joto tangu alfajiri.

Kuhusu vya kukaanga nisieleweke vibaya, sambusa nyumbani naila. Safarini tatizo ni kwamba mafuta hukaa tumboni muda mrefu, na wewe umekaa umejikunja saa nyingi bila kutembea. Ukishushia chipsi kwa soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, unachangamka kidogo, kisha baada ya saa moja na nusu hivi unalegea, una kiu, na mkono unatafuta kitu kingine dirishani. Mwaka mmoja nilikula chipsi kuku zilizokuwa zimepashwa moto kwenye kituo kimoja cha chakula, dakika chache kabla ya kuanza kupanda Kitonga. Kona zile nilizipita nimeshika mfuko mdomoni. Tangu siku hiyo nafungasha mwenyewe.

Mahitaji ya mtu mzima mmoja

- Uji wa ulezi, nusu lita, kwenye chupa ya chai inayoshika joto vizuri
- Mayai 2 ya kuchemsha, na maganda yake
- Kiazi kitamu 1 cha wastani, kilichochemshwa na ganda
- Ndizi mbivu 3, zisiive mno
- Machungwa 2, umenye mwenyewe wakati wa kula
- Mkate wa unga usiokobolewa, vipande 4, vilivyopakwa siagi ya karanga
- Karanga zilizokaangwa kavu bila mafuta, konzi 4
- Maji ya kunywa lita 1 na nusu, na chupa ndogo nyingine ya maji ya kunawa
- Kipande cha sabuni, kitambaa, chumvi kidogo kwenye karatasi
- Pakiti 1 ya dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ile wanayopewa wanaoharisha
- Chombo kimoja chenye mfuniko, mfuko wa kitambaa, na mfuko wa karatasi wa taka

Usiende na mfuko wa plastiki wa kubebea. Mifuko hiyo imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Isitoshe, chakula ndani yake kinatoka jasho na kuharibika mapema.

Hatua

1. Usiku wa kuamkia safari, kula kawaida na uandae vya kuchemsha.

Kula ugali na maharage, au wali na samaki, chochote ambacho tumbo lako limekizoea. Usijaribu chakula kipya usiku huo. Chemsha mayai dakika 10 baada ya maji kuanza kuchemka, yapoze kwenye maji baridi, yaweke kwenye friji bila kuyamenya. Kama huna friji, yachemshe alfajiri. Kiazi nacho vivyo hivyo. Karanga zichambue kwa jicho: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupe, na ukitafuna moja ukasikia uchungu, iteme. Ukungu wa karanga unaweza kuwa na sumu ambayo kukaanga hakuiondoi yote.

2. Alfajiri, kunywa uji kidogo kabla ya kutoka.

Basi la saa 12 linakutaka stendi saa 11 na nusu, na ukikaa mbali na Mbezi utaamka saa 9 au 10. Wengi saa hiyo hawana hamu ya kula, wanatoka na tumbo tupu, na kufikia Chalinze wananunua chochote kinachoinuliwa dirishani. Nusu kikombe cha uji kinatosha. Uliobaki umimine ukiwa unachemka kwenye chupa ya chai ambayo kwanza umeisuuza kwa maji ya moto. Chupa baridi inaiba joto la uji, na uji wa vuguvugu unachacha upesi.

3. Panga mfuko kwa utaratibu wa kula.

Chini kabisa weka karanga na mkate, katikati ndizi na machungwa, juu mayai na kiazi. Maji na uji vikae pembeni, unavifikia bila kupekua. Kisha mfuko huo ubaki nao mapajani au chini ya siti ya mbele yako.

Kosa ninaloliona kila safari: mtu anafungasha vizuri, utingo anamwambia "mizigo yote buti", naye anatii na chakula kinaingia buti. Hakuna atakayekufungulia buti njiani kwa ajili ya ndizi. Na huko chini kuna joto, kuna vumbi, pengine na dumu la mafuta la abiria mwenzako.

4. Mbezi hadi Chalinze: maliza vya majimaji.

Mkishapita Kibaha, kabla ya mizani ya Vigwaza, nawa mikono na ule mayai yote mawili na kiazi. Menya kwenye mfuko wa taka. Harufu ya yai ndani ya basi lililofungwa madirisha si ya kiungwana, kwa hiyo kula upesi na ufunge mfuko. Kiazi kinakupa nguvu inayotoka taratibu, yai linakushikilia tumbo. Mimi hapo nafika Morogoro sijasikia njaa.

Uji nao umalize ifikapo saa 3 asubuhi, kwa kawaida ni maeneo ya Msamvu. Usiuweke hadi mchana kwa sababu eti chupa bado ina joto. Vuguvugu ndiyo hali ambayo vijidudu wanaipenda.

5. Morogoro hadi Mikumi: ndizi moja na konzi moja ya karanga.

Iwe kama saa 4 na nusu. Kula hata kama njaa haijauma, kwa sababu njaa ya ghafla ndiyo inayokununulia sambusa. Kipande cha barabara kinachokatiza hifadhi ya Mikumi kina urefu wa kilomita 50 hivi, na humo usitupe chochote nje. Ganda la ndizi linawavuta nyani barabarani na wanagongwa, na faini ipo.

6. Kituo cha chakula: chagua sahani, usichague haraka.

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, hivyo nitakaa kidogo. Dereva ndiye anayechagua kituo, na hubadilika kwa kampuni na kwa siku: pengine Mikumi, pengine Ruaha Mbuyuni, pengine Ilula au mbele zaidi. Kwa hiyo usipange chakula cha mchana kwa jina la mahali, panga kwa saa. Ikifika saa 7 na basi halijasimama, kula vipande 2 vya mkate usubiri.

Basi likisimama utasikia "dakika kumi!", ambazo mara nyingi ni 15 hadi 20. Fanya kwa utaratibu huu. Kwanza msalani, foleni ikiwa bado fupi. Pili nawa kwa sabuni. Tatu pita mbele ya meza yote ukitazama kabla ya kuagiza. Unachotafuta ni chakula kinachotoa mvuke: wali na maharage na mboga za majani, ndizi za kupika, supu ya kuku au ya samaki. Mwambie mhudumu waziwazi, "Naomba wali nusu, maharage mengi, na mchicha." Wali wa sahani nzima ukifuatwa na kukaa saa 6 unakulaza.

Kama vyote vimepoa, acha. Kuku aliyekaangwa asubuhi akawekwa kwenye kabati la kioo lenye taa anaonekana mzuri, lakini gusa bakuli lake: likiwa na joto la mkono tu, amekaa muda mrefu. Kachumbari na matunda yaliyokatwa nayo nayaacha, kwa sababu sijui yameoshwa kwa maji gani. Miwa iliyomenywa, nanasi la vipande, tikiti la vipande, vyote hivyo ni vitamu na vyote vimeshikwa na mikono mingi. Chagua tunda ambalo wewe ndiye wa kwanza kulifungua.

Kabla ya kurudi kwenye basi, suuza chupa yako ya chai kwa maji yanayochemka na uombe ijazwe chai ya tangawizi, sukari kidogo. Utaishukuru ukifika Mafinga.

7. Kitonga: usile kitu.

Baada ya Ruaha Mbuyuni barabara inapanda mlima wenye kona kali. Nusu saa kabla ya hapo acha kula, na ukiwa mlimani tazama barabara mbele, usitazame simu. Tumbo lililojaa linakusumbua, na tupu kabisa nalo linakusumbua. Ukifuata saa nilizotaja utakuwa katikati. Wanaochafukwa kirahisi wakate siti za mbele, si za juu ya matairi ya nyuma.

8. Iringa hadi Mbeya: mkate, karanga, chungwa, chai.

Kuanzia Iringa hadi Makambako uko juu, mita 1,500 na zaidi, na jioni Mafinga na Makambako ni baridi. Baridi inaleta hamu ya kutafuna. Saa 10 kula vipande 2 vya mkate na chai. Saa 12 jioni chungwa na konzi ya karanga. Ndizi mbili zinazobaki, chungwa la pili na konzi mbili za mwisho za karanga ni akiba, usiziguse hadi uone taa za Mbeya, kwa sababu foleni ya malori huko mbele huwezi kuipangia saa.

Maji

Abiria wengi, hasa dada zetu, hawanywi kabisa kwa kuogopa kukosa pa kujisaidia. Wanafika na kichwa kinachogonga, na kesho yake choo ni kigumu. Jibu si kuacha maji, ni kuyagawanya. Ukigugumia nusu lita kwa mara moja, kibofu kitajaa kwa mara moja. Ukinywa funda 3 au 4 kila baada ya dakika 20, mwili unayatumia taratibu. Kikombe kidogo kwa saa, mililita 150 hivi, kinatosha mtu mzima aliyekaa. Siku ya joto kali ongeza. Punguza kahawa, soda na vinywaji vya kuongeza nguvu, maana hivyo ndivyo vinavyokukimbiza msalani. Kila basi likisimama kuchimba dawa, shuka hata kama hujabanwa.

Utajua maji yako yanatosha ukiona mkojo una rangi ya njano hafifu. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, umechelewa, anza kunywa.

Mwenye kisukari

Ongea na kliniki yako kabla ya safari kuhusu saa za dawa, hasa kama unachoma insulini au unameza dawa za kushusha sukari, kwa sababu ratiba ya basi si ya kwako. Insulini ikae mfukoni mwako, si buti, na isipigwe jua la dirishani. Beba sukari ya kuwahi: vijiko 3 vya chai kwenye karatasi, au kichupa cha glukosi. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuona kizunguzungu, ilambe au ikoroge kwenye maji unywe, subiri dakika 15, hali isipobadilika rudia. Ukishatulia kula mkate au ndizi, usiishie kwenye sukari. Na mwambie jirani wa siti mapema. Watu huona aibu, lakini aliye karibu akijua, atajua la kufanya ukipoteza maneno.

Mambo yakienda kombo

*Kichwa kinauma na umechoka tangu Morogoro.* Kunywa kikombe kizima cha maji kwanza, subiri nusu saa. Mara nyingi ni kiu. Kisipotulia kula ndizi na karanga, ndipo ufikirie dawa.

*Kichefuchefu.* Acha kula, fungua dirisha kidogo, tazama mbali mbele. Onja chai ya tangawizi kidogo kidogo. Ukishatapika usirudi kwenye chakula mara moja, anza na maji kwa funda, kisha mkate mkavu.

*Hujui kama chakula ulichobeba bado kizuri.* Usitegemee pua. Hesabu saa. Wali, maharage, nyama au yai vilivyokaa nje tangu alfajiri na sasa ni mchana vitupwe hata kama havijatoa harufu. Wali hasa, sumu yake ikishajitengeneza, kupasha moto hakuiondoi.

*Umejaa gesi na mkanda unabana.* Huenda umekula kiazi kikubwa au maharage mengi kuliko kawaida yako, au umekunywa soda. Legeza mkanda wa suruali, basi likisimama tembea dakika 5. Safari ijayo badilisha kiazi kwa vipande 2 zaidi vya mkate.

*Tumbo limeanza kuendesha.* Changanya ile pakiti kwenye lita 1 kamili ya maji safi. Usichanganye nusu pakiti kwa kukisia, wala usitie soda. Kunywa kidogo kidogo, na mwambie kondakta mapema, kabla hujazidiwa. Ukiona damu kwenye choo au homa inapanda, shuka kwenye mji mkubwa unaofuata, Morogoro, Iringa au Makambako, uende hospitali. Tiketi itatafutiwa ufumbuzi baadaye.

*Basi limeharibika na akiba imeisha.* Wachuuzi watakuja wenyewe, hata porini. Nunua kwa utaratibu huu: ndizi mbivu, mahindi ya kuchoma yanayotoka kwenye moto mbele ya macho yako, mahindi ya kuchemsha yanayotoa mvuke, karanga za ganda, korosho. Mayai yanayotembezwa kwenye ndoo uliza yamechemshwa lini, na akijibu kwa kusitasita, acha.

*Umefungasha vyote na bado umenunua sambusa.* Kula moja, si nne, na uile kabla ya saa 5 asubuhi wakati mlima bado uko mbali. Kisha kwenye kituo cha chakula chagua supu badala ya wali.